Meno ya Mama na Fedha Tusizoziona

Mama yangu anafundisha darasa la kwanza, na kwa muda mrefu darasa lake zima lilikuwa linapiga mluzi.

Si kwa utundu. Mama hakuwa na meno mawili ya mbele, ya juu, na kila alipotamka "sa, se, si, so, su" ubaoni, upepo ulipita kwenye lile pengo ukatoa mluzi mwembamba kama wa mtu anayeita mbwa. Watoto wa umri ule hawachagui. Mwalimu akisema hivi, ndivyo inavyosemwa. Kwa hiyo ukipita mtaani kwetu hapa Mingoyo ukasikia kitoto kinatumwa "ssukari na ssabuni" kikiitikia kwa mluzi, ujue hicho kimepita mikononi mwa mama. Mzazi mmoja alikuja hadi shuleni kulalamika kwamba mwanawe akienda dukani, mwenye duka anadhani anachezewa. Mama akamwomba radhi, na lile neno "samahani" likatoka na mluzi wake. Mzazi akaondoka ameshika mdomo.

Mama mwenyewe alikuwa hacheki wazi. Akichekeshwa, huinua upindo wa kanga haraka na kuziba mdomo, kisha anacheka humo ndani kama mtu anayekohoa. Mimi ni mtu wa aibu, siwezi hata kunyoosha mkono darasani bila kutokwa jasho, kwa hiyo nilijua ni kazi gani kujificha mchana kutwa mbele za watu. Alitaka meno. Si ya kuvua na kulowekwa kwenye glasi, maana aliogopa yatamdondokea mbele ya watoto. Alitaka yale ya kudumu, yanayoshikizwa kwenye meno ya jirani. Aliulizia bima, akaambiwa aina hiyo haimo. Akaulizia bei, akarudi nyumbani, akapika ugali mgumu kuliko kawaida.

Sasa niseme yale mawili yalivyong'oka. Alikuwa amepakiwa kwenye bodaboda na mtani wake, mtoto wa mjomba wake, ambaye mimi namwita mjomba. Wakafika njia panda, mbuzi akakatiza, mjomba akamkwepa mbuzi, mama akaenda chini. Mbuzi hakuumia. Mjomba hakuumia. Mama akapoteza mawili. Na kwa kuwa ni mtani, hata kumkasirikia sawasawa haikuwezekana. Alikuja kumwona mgonjwa na papai bivu, akasema, "Binamu, nimekuletea chakula cha rika lako jipya." Bibi, mama yake mama, ambaye tunaishi naye na hana jino hata moja, akalichukua papai akalila lote.

Baba anaishi Rutamba na mke wake mwingine na mikorosho yake. Namtaja mara moja tu ili msimsubiri.

*

Kwetu mshahara haukuingia kwa mama. Uliingia mtaani, halafu mama akapewa taarifa.

Vijana wa bodaboda wana kijiwe chao pembeni mwa kibanda cha wakala wa benki. Mwalimu wa kwanza akionekana anatoa hela kwa wakala, habari imeshafika. Mara nyingine mama hajasikia hata mlio wa meseji, mjomba ameshaegesha pikipiki uani na anaita hodi kwa sauti ya mtu aliyealikwa.

"Hodi wenye mali!"

"Karibu," mama hujibu kwa unyonge.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuchukua haki yangu. Mtani akila peke yake, tumbo linauma."

Haki ya mtani kwa kawaida ni kitu kidogo: kuku, kofia, chumvi ya kilo. Mtani anachukua, mnatukana, mnacheka, yamekwisha, na siku nyingine wewe nawe unakwenda kuchukua cha kwake. Lakini mjomba alikuwa ameipandisha haki hiyo cheo. Mwezi huu ilikuwa oili ya pikipiki, mwezi ujao breki, mwezi unaofuata mwanawe anahitaji viatu. Na mama, jamani, neno "sina" lilikuwa halimtoki. Lina ile "s", labda alikuwa anaogopa mluzi. Hata hivyo hana uwongo. Mtu akimwuliza, "Kweli huna?" macho yake yanakwenda yenyewe mahali ilipo pochi.

Baada ya mjomba walikuja wengine, wa simu na wa miguu. Ikifika wiki ya pili ya mwezi, mama anasema, "Mwezi ujao naanza kuweka ya meno." Mwezi ujao huo nimeusikia tangu nikiwa kidato cha kwanza.

Alijaribu kibubu. Alichongesha kwa fundi seremala, cha mti mzuri, kina kijitundu juu, akakiweka chini ya kitanda chake. Mjomba alikigundua kabla hakijafika mwezi. Alikitoa, akakiweka begani, akakitikisa, akaanza kukicheza ngoma katikati ya sebule, bibi naye akampigia makofi, kwa sababu bibi akisikia ngoma hasikii kingine. Mama akacheka ndani ya kanga yake. Siku ile kibubu kilifunguliwa kwa kisu cha jikoni "tuone tu kama mti umekauka." Kilifungwa kikiwa chepesi.

*

Wazo lilianza na karatasi ya mshahara. Mama aliitoa ili apeleke nakala sehemu fulani, akaniambia nihesabu kurasa. Nikaisoma. Najua si adabu, lakini ilikuwa mkononi mwangu. Palikuwa na mshahara wote, chini yake kodi, chini yake mchango wa pensheni, chini yake bima, chama, halafu ndiyo kile kinachobaki.

Nikakaa nalo siku nzima. Mimi nikiwa na neno la kusema huwa nalizungusha mdomoni mpaka linapoteza ladha. Jioni tukiwa tunachambua mchicha, likanitoka lenyewe:

"Mama, mbona hii ya pensheni mjomba haji kuiomba?"

"Ataiombaje? Inakatwa huko huko. Hata mimi siioni."

"Ndiyo nasema."

Bibi ndiye aliyeelewa kwanza. Bibi na mjukuu ni watani, na yeye huniita mke mwenzake kwa sababu anadai nimekuja kumnyang'anya marehemu babu. Akaacha mchicha, akanyoosha kidole.

"Mke mwenzangu leo kasema! Kasema, na kasema la maana! Mwanangu, kata na ya meno huko huko. Asiione mtu. Usiione hata wewe, maana wewe ndiye mwizi mkubwa."

"Mwizi mimi?"

"Nani aliyefungua kile kibubu kwa kisu? Mimi sina meno na sina kisu."

Jumamosi ile mama na mimi tukaenda benki Lindi mjini. Nilivaa sare ya shule kwa sababu sikujua watu wanavaa nini benki. Tukakaa kwenye foleni ya viti, ukihamia kiti kinachofuata kinakuwa bado na joto la mwenzako. Afisa aliyetupokea alikuwa dada kijana mwenye kucha ndefu na hijabu ya kijani. Mama akamweleza kwa mkato, amefunika mdomo, kwamba anataka kuweka akiba lakini haiwekeki.

"Unaweka lini, mwalimu? Mwanzo wa mwezi au mwisho?"

"Naweka kinachobaki."

"Na kinabaki?"

Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama kucha.

"Basi tugeuze," dada akasema. "Tutafungua akaunti ya pili, ya akiba. Hii haina kadi, na tusiiunganishe na simu yako. Ukitaka kutoa, unakuja hapa na kitambulisho, unakaa kwenye foleni hii uliyokaa. Halafu unasaini agizo la kudumu: kila mwezi, tarehe fulani, benki inahamisha kiasi fulani kutoka akaunti ya mshahara kwenda kule. Wewe hufanyi kitu. Ukisahau, inakwenda. Ukighairi moyoni, inakwenda."

"Nikate nusu," mama akasema kwa ujasiri wa mtu aliyechoka kupiga mluzi.

Dada akatikisa kichwa. "Mwalimu, ukikata nusu, katikati ya mwezi utakuja hapa kulia na tutalifuta agizo. Anza na kiasi ambacho hata kisipokuwepo, nyumba inakula. Ukiona mnapumua, unaongeza. Mshahara ukipanda, unaongeza kabla hujauzoea."

Mama akapiga hesabu kwa vidole chini ya meza, mimi nikamwona. Akasema elfu sabini. Dada akauliza tarehe.

"Mshahara wetu unatoka tarehe ngapi?" mama akaniuliza mimi, kama vile mimi ndiye mwajiri.

"Ishirini na tano," nikanong'ona. Mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Na hapo ndipo tulipopigilia msumari mahali pasipo na mbao, ila tulikuwa hatujui.

Tukarudi nyumbani na kanuni zetu. Niliziandika nyuma ya daftari la jiografia kwa maneno yangu. Ya meno inatoka kabla ya ya unga. Ikishakwenda kule haipo, wala haisemwi kwamba ipo. Hakuna kwenda kuichungulia. Bibi akataka iongezwe na moja ya kwake, kwamba mtu akiulizwa na mjomba aseme kweli tupu. Hiyo ilinishangaza, mpaka nilipoiona inafanya kazi.

*

Mwezi wa kwanza mjomba alifika na tairi.

Aliliviringisha kutoka kijiweni mpaka uani kwetu, limechakaa linang'aa kama mkaanga samaki amelipaka mafuta. Akalisimamisha mlangoni.

"Binamu, mtazame mgonjwa."

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba, mama mkwe," akanitania. "Mwite mwenye mali."

Mama akatoka. Akamsikiliza mpaka mwisho, jinsi tairi lilivyo na watoto na jinsi linavyokohoa likipanda mlima. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Akatoa simu, akaomba salio, akamgeuzia mjomba kioo.

"Soma mwenyewe."

Mjomba akasoma. Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu. "Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Mshahara si umetoka leo?"

"Umetoka. Unga nimeshachukua, deni la duka nimeshalipa. Hiyo ndiyo iliyobaki, na siku zilizobaki unazijua. Chukua ukitaka. Ila kesho mchana tunakuja kula kwako, sisi wawili na huyu bibi."

Mjomba akamtazama bibi. Bibi hali kidogo, anajulikana.

"Kuna kitu hapa," mjomba akasema polepole. "Binamu hajui kudanganya, na huyu hajadanganya. Lakini nanusa kitu."

"Nusa tairi lako," bibi akamjibu.

Akaondoka analiviringisha. Mama aliingia chumbani, nikamsikia anacheka. Hakuwa ameficha kitu kwenye jibu lake. Zile elfu sabini hazikuwa kwenye simu wala kwenye pochi, na macho yake hayakuwa na mahali pa kwenda. Huo ndio ulikuwa uhodari wa lile agizo. Mama hakufundishwa kusema hapana. Benki ilisema kwa niaba yake asubuhi, wakati sisi tunapiga mswaki.

Ikaenda hivyo mwezi wa pili, wa tatu, wa nne. Tulikula dagaa mara nyingi zaidi kuliko nilivyopenda, nasema kweli. Lakini nyumba ilikuwa inakula. Mama akaanza kusimama mbele ya kioo, ananyanyua mdomo wa juu kidogo, kama mtu anayepima pazia kwenye dirisha. Daktari wa meno alishamwambia kwamba akifikisha nusu ya bei, kazi inaanza, na nusu nyingine atamalizia kidogo kidogo. Hesabu yetu ilionyesha nusu inafika Desemba.

*

Desemba mshahara ukatoka mapema, siku kadhaa kabla ya sikukuu, ili watu wasafiri na wanunue. Kila mtu alifurahi, hata mimi. Hatukufikiri.

Mama aliangalia simu akakuta fedha nyingi kuliko alivyozoea kuona miezi yote ile. Zile elfu sabini zilikuwa bado humo, zimekaa zinasubiri tarehe yao, na yeye akazihesabu kama ziada. Ndivyo alivyoniambia baadaye: "Nilijiona nimepandishwa cheo." Siku hiyo hiyo tairi la mjomba likapasuka kabisa, la kweli safari hii, karibu na daraja, na alikuwa amepakia mtu. Akaja bila matani, amekaa kwenye kizingiti, jasho linamtoka. Bila tairi hakuna kazi, na msimu wa sikukuu ndio wao wa kuvuna. Mama hakumwonyesha salio. Akatoa. Siku iliyofuata akatoa mchango wa harusi ya jirani, kisha vitenge, mchele na mbuzi robo.

Tarehe ishirini na tano, tukiwa tunakula pilau, meseji ikalia. Mama akaniambia nisome, mikono yake ina mafuta. Nikasoma mara moja kimyakimya, halafu sikutaka kusoma kwa sauti.

"Inasemaje?"

"Uhamisho haukufanyika. Salio halitoshi."

Mama akaacha tonge kwenye sahani. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Alivuta upindo wa kanga akafunika mdomo, na hakuna aliyekuwa amechekesha. Hilo ndilo lililoniuma. Daktari alipaswa kuanza Januari. Mama aliposimama kwenda kunawa akasema, "Pengo lenyewe nimeshalizoea," na lile "lenyewe" halina hata "s", lakini nilisikia mluzi.

Jioni nikalitoa daftari la jiografia, nikazisoma kanuni zetu upya. Ya meno inatoka kabla ya ya unga. Hatukuivunja sisi kwa makusudi. Tuliifunga kwenye tarehe, na tarehe haina habari na mshahara. Mshahara ukiwahi, tarehe imekaa kwao.

Nilipomwambia mama, alisema twende tena benki. Nikasema ndiyo. Akasema, "Utamweleza wewe." Nikasema hapana, nikasema naumwa, nikasema nina kazi ya likizo. Tukaenda. Dada mwenye kucha akanitazama, mama akawa anatazama dari kwa makusudi, na mimi nikasema yote kwa pumzi moja, nadhani bila kuacha nafasi kati ya maneno.

Dada akacheka, lakini si vibaya. "Umesema kweli. Nilipaswa kuwauliza kama mshahara unahamahama. Tulifute hili. Tunaweza kulifunga agizo kwenye mshahara wenyewe: ukiingia tu, siku yoyote, saa yoyote, sabini inatoka hapo hapo. Usipoingia, hakitoki kitu. Litaanza na mshahara wa Februari."

"Na mtani?" mama akauliza.

"Nani?"

Mama akaeleza kuhusu mjomba. Foleni nzima nyuma yetu ikawa inasikiliza, na mzee mmoja akaitikia, "Huyo na mimi ninaye." Dada akafikiri, akasema kutoa si kosa, kosa ni kutoa bila mpaka. Mama aweke fungu la kutoa, dogo, linalojulikana, akitoa likiisha limeisha mpaka mshahara mwingine. "Ukiwa na fungu hutasema huna. Utasema limekwisha."

Neno hilo mama alilipenda. Halina "s" ya kupigia mluzi.

*

Mjomba naye hakuwa mjinga. Akiwa na tairi lake jipya, alikuwa ameshakiambia kijiwe kizima kwamba binamu yake ana hazina. Januari akapewa fungu la watani, kwenye bahasha, mkono kwa mkono. Akalipima uzito.

"Hii ni bahasha au ni majani ya chai?"

"Ndilo fungu," mama akasema. "Nenda nalo."

"Mwenye fungu ana gunia. Gunia liko wapi?"

Na macho yake yakaenda chini, kuelekea chumba cha mama, kwenye kibubu. Hapo ndipo bibi aliponikonyeza. Bibi akikukonyeza unaona uso mzima unakunjika kama mfuko.

Wiki zile tulikuwa na kazi, bibi na mimi. Nilikuwa nakusanya vizibo vya soda kutoka kwa mwenye duka, bibi anaviosha ili visinuke, kisha tunavipenyeza kwenye kibubu kimoja kimoja. Vile ambavyo havikupita kwenye tundu, bibi alivikunja kwa nyundo ya kuvunjia nazi. Kikajaa. Ukikinyanyua unaona hasa kuna mtu anajipanga maishani. Mwishoni nikapenyeza kikaratasi. Nilikiandika mara nyingi kabla hakijawa sawa.

Mshahara wa Februari ukatoka asubuhi. Ya meno ikatoka hapo hapo, meseji mbili zikalia zikifuatana kama mtu na kivuli chake. Saa kumi, tumesharudi kutoka shule, mjomba yuko uani. Bibi amekaa sebuleni na kibubu mapajani, anakipangusa vumbi kwa upole, anakiimbia.

"Mama mkwe mkubwa," mjomba akasema, sauti imekuwa laini, "umebeba nini?"

"Siri za watu. Usisogee."

Mjomba akasogea. Bibi akakikumbatia kwa nguvu zote za mtu anayetaka kunyang'anywa. Akanyang'anywa. Mjomba akaruka kizingiti, akakiweka mbele yake kwenye tangi la pikipiki, akapiga kelele, "Haki ya mtani!" na akaondoka, vumbi linamfuata. Mama alitoka jikoni amebeba mwiko.

"Kachukua nini?"

"Hazina," bibi akasema, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

Mimi sikuwepo kijiweni, ningekufa kwa aibu. Lakini mwenye duka alikuwepo, na alisimulia mbele yetu sote jioni. Mjomba alikiweka kibubu juu ya kiti cha pikipiki, akawaita wenzake wote, wateja pia, na mama mmoja muuza samaki akaacha karai lake. Akakipasua kwa spana. Vizibo vikamwagika njia panda, vinabiringika mpaka barabara ya Mtwara. Watu wakaviinamia. Mmoja akaokota kikaratasi, akakisoma kwa sauti: "Shikamoo mjomba. Zile nyingine zimekwenda zenyewe. Karibu pilau siku mama atakapocheka."

Hakukasirika. Mtani akikasirika ameshindwa, na mjomba hajawahi kukubali kushindwa. Alirudi usiku ule ule na kuku mkubwa mwekundu, wake mwenyewe, akamtupa mapajani kwa bibi.

"Mnanidai," akasema. Kisha akanigeukia, nikatamani kuingia kabatini. "Wewe mkimya. Umenifedhehesha mbele ya kijiwe."

"Samahani, mjomba."

"Usiseme samahani. Nieleze. Zinakwendaje zenyewe?"

Mama akamweleza. Alipofika kwenye meno mjomba akatazama sakafu, kwa mara ya kwanza nadhani. Akasema tu, "Yule mbuzi yuko hai mpaka leo." Tangu hapo anachukua fungu lake, anatukana kidogo, anaondoka. Mwezi mmoja hakuja kabisa, na mama akalipeleka fungu kwake kwa miguu, kuona kama anaumwa.

*

Nusu ya bei ilitimia. Mama alikwenda benki peke yake na kitambulisho, akakaa kwenye foleni, akatoa mara moja tu, akaenda kwa daktari. Ilichukua safari kadhaa. Ya mwisho alirudi amefunga mdomo, akakataa kusema neno, akapika, akatandika mkeka, akakaa. Bibi akamwambia, "Fungua, au tumwite mwenye spana." Mama akafungua. Yalikuwa meno tu, mawili, ya rangi ya meno. Sijui nilitegemea nini. Nikaanza kulia kama mjinga.

Wiki ile sisi wa sekondari tulirudishwa mapema kwa sababu maji yalikatika shuleni. Nikapita kwenye shule ya mama, nikasimama chini ya dirisha la darasa la kwanza, pembeni, nisionekane. Alikuwa ubaoni na fimbo ya kuonyeshea.

"Sa, se, si, so, su," akasema. Safi. Limenyooka kama uzi.

Darasa likashangaa. Wakatazamana. Kisha mtoto mmoja wa mbele, yule ambaye mama yake alikuja kulalamika na bado yumo humo kwa kuwa alirudia darasa, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, umekosea."

"Nimekosea wapi?"

"Inasemwa hivi." Akavuta pumzi, na wote wakamfuata, darasa zima: ssa, sse, ssi, sso, ssu, mluzi mmoja mrefu mpaka mbwa wa mlinzi akaamka getini.

Mama akacheka. Mkono ulianza kupanda kutafuta kanga, nikauona ukipanda, ukafika kifuani ukasahau ulikokuwa unakwenda. Akacheka mdomo wazi, ameegemea ubao, chaki imemchafua bega lote.

Pilau tulipika Jumapili. Mjomba alikuja amevaa kanzu, akamtaka mama acheke kabla hajanawa mikono, ahakikishe. Kisha akadai kwamba moja kati ya yale mawili ni la kwake kwa haki ya utani, na kwamba atakuwa anakuja kulitazama. Agizo la benki mama hajalifuta. Kwa sasa linamalizia nusu ya daktari, na bibi ameshapanga foleni. Anataka jino la dhahabu.